Ngozi Mia Tatu na Kumi

Kila mwaka natoa swali lile lile kwenye mtihani: kampuni imefilisika, taja kwa mpangilio nani analipwa kwanza na nani mwisho. Wanafunzi wangu wa jioni, wengi wao wametoka kazini na macho mekundu kama yangu, wanaandika moja hadi saba na wanapata maksi zote. Nawapa, lakini roho hainitulii. Nimefanya kazi na namba hizo miaka kumi na saba nikiwa karani wa mfilisi, yule mtu anayewekwa na mahakama kukusanya mali ya kampuni iliyokufa, kuiuza na kugawa kilichopatikana. Namba ya tatu kwangu ina sura ya mama mmoja aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda cha viatu vya shule. Nimechoka kumbeba peke yangu, kwa hiyo leo nanyi mtambeba kidogo.

Kiwandani walimwita Mama Stoo, na hata mshahara wake ulipokuwa unatoka, mhasibu aliandika hivyo hivyo kwenye bahasha. Aliingia pale akiwa na miaka ishirini na miwili, akapewa kazi ya kupaka gundi. Gundi ikamharibu kifua. Badala ya kumfukuza wakampeleka stoo, wakidhani wanamweka pembeni. Alikaa huko miaka thelathini na moja. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumzaa, ila alikuwa na mdogo wake wa kike aliyemlea tangu mama yao alipofariki, mdogo wake akiwa bado ananyonya. Alimsomesha, akamwozesha kwa fundi wa humo humo kiwandani, jamaa mchangamfu wa idara ya visigino ambaye kila mtu alimwita Kisigino. Wote watatu walipanga nyumba moja yenye vyumba vitatu nyuma ya ukuta wa kiwanda.

Stoo yake ilikuwa na tabia yake. Kila mzigo wa ngozi ulioingia aliutundikia kadi yenye jina la aliyeuleta na tarehe, kisha akatoboa kila ngozi kwenye pembe na kufunga uzi. Kila muuzaji alikuwa na rangi yake. Kilichotangulia kuingia ndicho kilichotangulia kutoka, na mzigo wa huyu haukulala juu ya mzigo wa yule hata siku moja. Mkurugenzi alishawahi kumwambia achanganye ili kupunguza nafasi. Alimjibu, "Bosi, ukitaka vurugu tafuta mtu mwingine, mimi sikuumbwa nazo." Mkurugenzi alicheka, akaondoka. Angalau kucheka alikuwa anajua. Kulipa ndiko kulikomshinda.

Mambo yaliharibika polepole. Oda za shule zikapungua, riba ya benki ikapanda, mishahara ikachelewa wiki, ikachelewa mwezi, ikasimama kabisa. Wafanyakazi arobaini na wawili waliendelea kuja miezi mitano bila kulipwa, kwa sababu kila Ijumaa waliambiwa kuna mteja mkubwa anakuja wiki ijayo. Huyo mteja simjui, na sidhani kama mama yake alimjua. Mwishoni muuza gundi akaenda mahakamani na deni lake, kampuni ikashindwa kulijibu, mahakama ikaamuru ifungwe na mali igawanywe. Jumatatu asubuhi mimi na bosi wangu, mfilisi, tukafika na makufuli mapya.

Bosi wangu alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo la vidonda. Alinipa stoo niihesabu. Niliingia, nikaona zile rafu na zile nyuzi, nikajua bila mwenyewe nitahesabu hadi nizeeke. Nikamtafuta Mama Stoo nyumbani kwake. Alikuja siku hiyo hiyo, na koti lake la kazi la rangi ya bluu limepigwa pasi.

"Mwanangu," aliniambia, "huku utapotea. Andika, mimi nakutajia."

Alinitajia kwa siku tatu. Nilimpa nauli, japo nyumba yake ilikuwa dakika tano kwa miguu, na chai ya mchana. Mfanyakazi wa kampuni iliyofungwa anawajibika kumpa mfilisi taarifa za mali anazozijua, na mimi nilijiegemeza kwenye sheria hiyo kama mlevi kwenye ukuta. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Siku ya kwanza aliniuliza swali ambalo wote huliuliza.

"Sasa sisi tutapata kiasi gani?"

Nikamwomba maboksi matupu ya viatu. Tukakaa sakafuni, yeye kwenye kigoda chake, mimi kwenye gazeti. Nikaweka boksi moja kando, peke yake. Nikamwambia hili ni jengo na mashine. Benki iliviwekea rehani, kila kimoja kwa jina na namba yake, kwa hiyo vikiuzwa benki inachukua kabla ya mtu yeyote kunyoosha mkono. Benki inadai milioni mia tatu, jengo na mashine vitafika mia mbili na arobaini.

"Na hizo sitini zilizobaki?"

"Benki anazitafuta huku." Nikapanga maboksi mengine pamoja. "Huku ni vitu vya stoo. Ngozi, soli, gundi, viatu vilivyokwisha. Hivi benki navyo anavyo, lakini kwa dhamana inayoelea. Vilikuwa vinaingia na kutoka kila siku, hakuweza kuvishika kimoja kimoja, akasubiri hadi kampuni isimame ndipo dhamana yake itue juu ya vilivyobaki. Sasa hapa sheria inamwambia ngoja. Kwanza zitoke gharama za kufilisi: mlinzi, dalali wa mnada, tangazo, mfilisi mwenyewe. Baada ya hapo nyinyi wafanyakazi, mishahara ya miezi minne ya mwisho. Mkiridhika nyinyi, inafuata kodi ya serikali. Ndipo benki. Chini kabisa ni wadai wa kawaida wasio na dhamana, muuza gundi na wenzake. Wenye hisa wanasubiri hata hao washibe."

"Tunadai mitano."

"Mwezi wa tano unashuka kwa wadai wa kawaida. Usiuhesabu."

Alinyanyua boksi moja dogo akalisogeza hadi mwisho wa mstari, nyuma ya kila kitu. Alifanya taratibu, kama mtu anayefunika maiti. Akasema, "Endelea."

Nilimpigia hesabu. Vitu vyote vya stoo vikiuzwa ni milioni hamsini. Gharama zetu kumi na nne. Zinabaki thelathini na sita, na mishahara ya miezi minne kwa watu wote arobaini na wawili ni thelathini na sita. Ilikaa pale pale, mtu angedhani nimeipika. Yeye angepata milioni moja na laki mbili, Kisigino laki tisa. Alicheka kwa mara ya kwanza. Akasema mwenye nyumba wao ameshang'oa mlango wa mbele kwa ajili ya kodi ya pango, wanalala na kabati limesukumwa mlangoni, na mdogo wake ana mimba ya miezi minane. "Basi tutarudishiwa mlango," alisema.

Nami nikafurahi. Kazi hii haikupi nafasi nyingi za kuleta habari njema, na nilipoipata niliila mbichi.

Siku ya pili asubuhi akaja mwenye ngozi. Alikuwa mzee mnene mwenye kiwanda chake cha kulainisha ngozi, amekuja na wakili na mkataba. Kipengele cha tisa kilisema ngozi zote zitabaki mali yake hadi atakapolipwa thamani yake yote. Mkurugenzi alikuwa ametia sahihi, na hakuwa amelipa hata senti ya mizigo mitatu ya mwisho.

Bosi wangu aliusoma mara mbili akashika tumbo. Akamwambia, "Mkataba ni halali. Lakini lazima unionyeshe ngozi zipi ni zako. Zilizokwisha kukatwa zikawa viatu, hizo zimekupotea, kazi ya wengine imeingia humo. Utadai kama mdai wa kawaida. Na zilizo nzima, kama zimechanganyika na za wauzaji wengine na hakuna wa kuzitofautisha, siwezi kukupa kwa kukisia. Utasimama kwenye mstari na muuza gundi."

Yule mzee alitazama rafu. Ngozi nyeusi ni ngozi nyeusi, hata yeye hakuweza kuzitambua zake. "Nani anajua?" aliuliza.

Wote tulimtazama Mama Stoo. Bosi akasema taarifa yake itaandikwa kesho saa nne.

Msidhani nilikuwa bado sijapiga hesabu. Za yule mzee zilizobaki nzima zilikuwa kama milioni ishirini na mbili. Zikiondoka, stoo inabaki na ishirini na nane. Ukitoa kumi na nne zetu, wafanyakazi wanabaki na kumi na nne badala ya thelathini na sita. Kila aliyekuwa apate mia angepata thelathini na tisa kasoro kidogo. Mpaka mchana huo wafanyakazi wote, waliokuwa bado wanashinda kiwandani wakisubiri malipo, walishajua. Habari za namna hiyo hazihitaji tarishi.

Kisigino alimvizia shemeji yake langoni wakati wa chakula. Nilikuwa ndani ya kibanda cha mlinzi nikisaini daftari, wakanisahau.

"Shemeji, mimi sikuambii useme uongo," alisema Kisigino. "Nakwambia usijue. Sema siku za mwisho zilikuwa za vurugu, zikachanganyika. Nani atakupinga?"

"Kadi zipo. Nyuzi zipo."

"Uzi si chuma, shemeji. Yule mzee ana magari matatu. Sisi mlango hatuna. Huyu mtoto anazaliwa nyuma ya kabati?"

"Mtoto atazaliwa."

"Watu arobaini na wawili, shemeji! Kwa ajili ya nani? Yule aliwahi hata kukuitikia salamu?"

"Hajawahi," alisema Mama Stoo. Sauti yake ilikuwa imechoka sana.

Mchana huo nilifanya jambo ambalo bosi angenifukuzia. Nilimwacha peke yake stoo kwa nusu saa. Kwenye meza kulikuwa na mkasi wake na faili la kadi. Nilijiambia naenda kununua maji. Maji yalikuwepo ofisini, debe zima. Sitasema nilitaka nini, ila nilitembea taratibu sana, na niliporudi nilikohoa kabla ya kufungua mlango.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kadi zilikuwa pale pale. Nyuzi nyekundu, rangi ya yule mzee, zilikuwa zinaning'inia kwenye pembe za ngozi kama nilivyoziacha. Ila ngozi ya juu kabisa, fundo lake lilikuwa jipya, ncha zake ndefu kuliko za wenzake.

Aliona nimeona. "Nilikata moja," alisema. "Nikaitazama. Nikawaza, sasa hii ni ya nani? Nikashindwa kujibu, nami miaka thelathini na moja hakuna aliyeniuliza kitu cha nani nikashindwa kumjibu. Nikaifunga."

"Mama, hakuna anayekulazimisha..."

"Usinichoshe, mwanangu. Nenda kalete hiyo karatasi yako ya kesho, tumalize leo."

Bosi akaafiki. Tuliandika taarifa saa mbili nzima. Alitaja kila mzigo, tarehe, idadi iliyoingia, idadi iliyokwenda kukatwa, iliyobaki. Ngozi mia tatu na kumi nzima, zenye uzi mwekundu. Alipofika mwisho alisoma yote tangu mwanzo, akasahihisha tarehe moja niliyokosea, akatia sahihi. Siku ya tatu alikuja kuonyesha rafu moja moja, na yule mzee akapakia. Ngozi ya mwisho ilipotoka aliipangusa kwa kiganja akamwambia Mama Stoo, "Mbona mmeziweka kwenye vumbi?" Nilitamani nimpige na kile kigoda. Mama Stoo alimpa daftari la kutokea mzigo asaini.

Nilikasirika siku nyingi, na ajabu ni kwamba sikujua namkasirikia nani. Sheria haikukosea. Zile ngozi hazikuwa mali ya kampuni, na mfilisi hagawi kisicho cha kampuni hata kama wenye njaa wamejaa langoni. Leo angeruhusiwa kumla yule mzee kwa sababu ni mnene, kesho angemla mjane aliyeacha cherehani yake kiwandani itengenezwe. Haya nawaeleza wanafunzi na nayaamini. Lakini siku ile Kisigino alipita karibu na shemeji yake bila kumsalimu, na watu wa idara ya kushona, waliokula naye meza moja miaka yote hiyo, wakahamisha sufuria zao upande wa pili. Kuyaamini kukawa kazi.

Mtoto alizaliwa, wa kike, nyuma ya kabati. Jina hawakumpa la shangazi wala la mama mkubwa. Wiki mbili baadaye Kisigino alihamisha familia kwa ndugu zake. Mama Stoo alibaki katika vyumba vitatu peke yake, akasalimisha viwili kwa mwenye nyumba.

Mnada ukafanyika, mahesabu yakafungwa, mahakama ikayapitisha. Miezi saba baada ya yale makufuli tulirudi kulipa. Tuliweka meza kwenye chumba cha kulia cha kiwanda kilichokuwa tayari kimeuzwa. Mwenye jengo mpya alitupa hadi saa nane. Bosi aliweka nakala ya mahesabu ukutani, kama inavyotakiwa, na karibu hakuna aliyeisoma. Watu walisaini, wakahesabu, wakahesabu tena. Kisigino alipata laki tatu na nusu badala ya laki tisa. Alizikunja akazitia mfukoni. Muuza gundi, aliyeifikisha kampuni mahakamani, alirudishiwa gharama za ile kesi, lakini kwa deni lake hakupata kitu. Benki kwenye stoo haikupata kitu. Wa kodi hivyo hivyo. Hata yule mzee kwa zile ngozi zilizokatwa hakupata kitu, na alituma wakili kulalamika.

Mama Stoo alikuja wa mwisho, kwa makusudi nadhani, ili asipange mstari na watu. Alipokea laki nne na elfu sitini na sita na ushee. Kisha akaenda ukutani, akavaa miwani, akaanza kuyasoma mahesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisoma kadi zake. Nilikuwa nafunga faili. Nilisikia kidole kimesimama.

"Hapa imeandikwa, karani, kumhoji mtunza stoo, saa mbili. Ndio wewe?"

"Ndio mimi, mama."

"Na hapa. Karani, kuhesabu stoo, siku tatu."

"Ndiyo."

"Hizi zililipwa zote? Au na wewe ulipata thelathini na tisa kwa mia?"

"Zote," nilisema. "Hizo ni gharama za kufilisi. Zinatangulia."

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Alikuwa mtu wa mpangilio, na mpangilio aliuheshimu hata ulipomruka yeye. Akarudisha kidole kwenye mstari ule wa siku tatu.

"Mimi nilikuwepo siku zote tatu. Wewe uliandika, mimi nilihesabu. Zangu ziko mstari gani?"

Hapo ndipo nilipoiona, na hadi leo naiona kila nikisahihisha ile mitihani. Mshahara wa kabla ya kampuni kufungwa ni deni, unakaa namba ya tatu na unagawana umaskini na wenzake. Lakini kazi anayoifanya mtu baada ya kufungwa, kwa ajili ya mfilisi, ni gharama. Inakaa namba ya pili, pamoja na mlinzi, dalali na mimi, na inalipwa senti kwa senti. Ilihitaji barua moja tu ya kumwajiri kwa siku tatu. Mistari minne, muhuri, sahihi ya bosi ambaye asingekataa. Ilikuwa kazi yangu kuiandaa. Nilimpa nauli na chai.

"Hazipo, mama," nilisema. "Nilisahau kukuandika."

Aliniangalia juu ya miwani. Nilitaka anitukane, ningeshukuru. Nikamwambia nitamweleza bosi. Nikatoa pochi nikamwambia nitamlipa mwenyewe, sasa hivi. Akaisukuma pochi yangu kwa vidole viwili, kama kitu kilichowekwa kwenye rafu isiyo yake.

"Hiyo ni yako," alisema. "Mahesabu yameshapitishwa?"

"Yameshapitishwa."

"Basi."

Akavua miwani, akaikunja, akatafuta mfuko wa koti. Bosi alikuwa ananiita nje, mwenye jengo anataka chumba chake. Nilisimama pale na faili mkononi, nimelipwa kikamilifu, nikamtazama anatoka.